Foleni Zinazoyeyuka: Kusoma Mwelemeo wa Daftari la Oda

Ukifungua ukurasa wa biashara wa bitkoini kwenye soko la Binance, pembeni mwa chati utaona safu mbili za tarakimu zinazobadilika bila kupumzika. Ya kijani ni ya wanaotaka kununua, nyekundu ni ya wanaotaka kuuza, na kila mstari una bei na kiasi. Hilo ndilo daftari la oda: orodha ya ahadi zilizowekwa sokoni ambazo bado hazijapata wa kuzipokea. Mnunuzi anayetoa bei ya juu kuliko wenzake anatazamana na muuzaji anayedai bei ya chini kuliko wenzake. Kati yao kuna pengo dogo, na biashara hufanyika pale mmoja anapokubali kulivuka.

Mtu akizitazama safu hizo kwa muda, huanza kupiga hesabu bila hata kuambiwa. Upande wa kununua kuna bitkoini 4, upande wa kuuza kuna 1. Wanunuzi wamezidi, kwa hiyo bei itapanda. Mwelemeo huo wa daftari ni miongoni mwa dalili zinazotumiwa sana na wafanyabiashara wa muda mfupi, na wazo lililo nyuma yake lina ukweli. Tatizo ni kwamba ukweli wenyewe ni mdogo, unaishi muda mfupi sana, na umezungukwa na mabadiliko mengi yasiyo na maana yoyote. Njia nzuri ya kuliona hilo ni kuzifuata oda zenyewe, tangu zinapofika kwenye kompyuta hadi zinapotoweka.

Kulijenga daftari

Binance hutoa mtiririko wa mabadiliko ya daftari bure, kwa yeyote mwenye intaneti na programu ndogo. Kwa jozi ya bitkoini na dola ya kidijitali ya USDT, anwani yake ni hii:

```
wss://stream.binance.com:9443/ws/btcusdt@depth@100ms
```

Kupitia anwani hiyo hauletewi daftari zima. Unaletewa mabadiliko tu, yakiwa yamekusanywa kwa kila milisekunde 100, yaani mara kumi kwa sekunde. Ujumbe mmoja unaweza kuwa hivi, kwa tarakimu za mfano:

```
{"e":"depthUpdate","E":1672515782136,"s":"BTCUSDT",
 "U":157,"u":160,
 "b":[["60000.00000000","0.90000000"]],
 "a":[]}
```

Herufi `b` ni upande wa kununua na `a` ni upande wa kuuza. Ujumbe huu unasema kwamba kwenye bei ya 60,000 upande wa kununua sasa kuna bitkoini 0.90. Tarakimu hiyo ni jumla mpya ya ngazi ile ya bei, kwa hiyo inachukua nafasi ya ile ya zamani. Programu inayoijumlisha na ya zamani itajaza daftari oda zisizokuwepo. Kiasi kikija kikiwa sifuri, ngazi hiyo imekwisha na lazima ifutwe.

Kwa kuwa mtiririko huleta mabadiliko pekee, unahitaji picha kamili ya kuanzia. Utaratibu ni kuufungua mtiririko kwanza na kuhifadhi jumbe zinazoingia, kisha kuomba picha ya daftari kutoka `https://api.binance.com/api/v3/depth?symbol=BTCUSDT&limit=5000`. Picha hiyo huja na namba iitwayo `lastUpdateId`. Jumbe zote ambazo `u` yake haizidi namba hiyo zinatupwa, kwa sababu mabadiliko yake yamo tayari ndani ya picha. Zilizobaki zinatumika moja baada ya nyingine, na kila `U` inapaswa kuwa namba inayofuata `u` ya ujumbe uliotangulia. Namba ikiruka, kuna ujumbe umepotea, na hakuna dawa isipokuwa kuomba picha upya.

Hatua hii ndiyo chanzo cha kwanza cha kelele, kwa maana ya mabadiliko yanayoficha habari ya kweli. Ujumbe mmoja ukipotea bila kugunduliwa, ngazi iliyokwisha kufutwa sokoni inabaki kwenye kompyuta yako kama mzimu, na mwelemeo wako utaegemea upande huo kwa saa nzima. Kosa la namna hiyo hujitambulisha pale bei bora ya kununua inapoonekana kuwa sawa na ya kuuza au kuizidi. Oda mbili za namna hiyo zingekuwa zimeshakutana na kuuziana, kwa hiyo ukiona daftari limepishana hivyo, jua limeharibika.

Hesabu yenyewe

Tuseme daftari letu ni zima, na ngazi tano za juu kila upande ziko hivi:

```
Kununua                 Kuuza
60000.00   4.20         60000.01   1.40
59999.99   0.01         60000.02   0.20
59999.50   0.05         60000.40   1.10
59999.20   0.10         60000.75   2.30
59998.80   0.14         60001.10   0.50
```

Mwelemeo hupatikana kwa kutoa kiasi cha kuuza kutoka kwenye kiasi cha kununua, kisha kugawanya kwa jumla ya vyote viwili. Jibu huwa kati ya hasi 1, ambapo kuna wauzaji watupu, na chanya 1, ambapo kuna wanunuzi watupu. Kwa ngazi ya kwanza pekee:

```
(4.20 - 1.40) / (4.20 + 1.40) = 0.50
```

Nusu nzima kuelekea kwa wanunuzi. Anayesoma hivyo ataona bei inaelekea juu. Sasa jumlisha ngazi zote tano. Wanunuzi wana bitkoini 4.50, wauzaji wana 5.50, na mwelemeo unakuwa hasi 0.10. Daftari ni lilelile na wakati ni uleule, lakini jibu limegeuka. Ukienda ngazi ishirini unaweza kupata jibu la tatu.

Hakuna kanuni inayosema ngazi ngapi ndizo sahihi. Oda za ngazi ya juu ziko karibu na biashara, kwa hiyo zina habari zaidi kuhusu sekunde inayofuata, lakini ndizo zinazobadilika kwa kasi kuliko zote. Oda za chini zimetulia zaidi, ila nyingi zimewekwa na watu wanaojua kwamba bei haitazifikia leo. Isitoshe, katika mfano wetu ngazi tano za wanunuzi zimechukua dola 1.20 tu, ambazo ni asilimia 0.002 ya bei. Dakika nyingine ngazi tano zinaweza kuenea dola kumi. Kwa hiyo wanaoifanya kazi hii kwa uangalifu huacha kuhesabu ngazi, wakapima umbali: oda zote zilizo ndani ya dola 10 kila upande, kwa mfano. Kipimo hicho angalau kinalinganisha kitu kimoja na chenyewe.

Milisekunde 100 baadaye

Turudi kwenye ujumbe ule wa kwanza. Unafika, na kiasi cha kununua kwenye 60,000 kimeshuka kutoka 4.20 hadi 0.90. Mwelemeo wa ngazi ya kwanza ulikuwa 0.50, sasa ni hasi 0.22. Dalili ya kupanda imegeuka dalili ya kushuka, na bei haijasogea hata senti.

Bitkoini 3.30 zimetoka kwenye foleni. Zimekwenda wapi? Huenda muuzaji mkubwa amekuja akauza kwa wale waliokuwa wakisubiri, na hiyo ingekuwa habari nzito. Huenda pia wenye oda wameghairi tu. Mtiririko wa daftari hauwezi kukueleza ni lipi limetokea, kwa sababu unataja kiasi kilichobaki na kunyamaza.

Jibu liko kwenye mtiririko mwingine, `btcusdt@trade`, unaoandika kila biashara iliyofanyika. Kila rekodi ina alama ya `m`: ikiwa `true`, aliyekuwa akisubiri ni mnunuzi, maana yake muuzaji ndiye aliyelivuka pengo. Tuseme katika milisekunde hizo 100 kuna biashara za bitkoini 0.30 zenye alama hiyo, kwenye bei ya 60,000. Basi 0.30 ziliuzwa kweli, na 3.00 zilizobaki zilighairiwa. Zaidi ya tisa ya kumi ya foleni iliyopungua haikununua kitu. Hesabu yenyewe bado ni makadirio, kwa sababu ndani ya milisekunde hizo huenda oda nyingine zimeingia na kutoka bila kuacha alama.

Hapa ndipo kiini cha jambo kilipo. Biashara iliyokamilika imegharimu fedha ya mtu. Oda inayosubiri haijagharimu kitu mpaka itakapokutana na mwenzake, na kuighairi ni bure. Mwelemeo wa daftari unapima nia, na nia hiyo inaweza kuondolewa kabla hujamaliza kuisoma.

Ndiyo maana watafiti Rama Cont, Arseniy Kukanov na Sasha Stoikov, katika kazi yao iliyochapishwa mwaka 2014 kuhusu hisa za Marekani, walitazama mtiririko wa mabadiliko badala ya picha ya foleni. Walihesabu oda zinazoongezeka, zinazoghairiwa na zinazotekelezwa kwenye bei bora za pande zote mbili, wakakuta uhusiano wa karibu na mwendo wa bei katika kipindi hichohicho kifupi. Zingatia maneno hayo ya mwisho. Kueleza kwa nini bei ilisogea katika sekunde kumi zilizopita ni kazi moja. Kutabiri sekunde kumi zijazo ni nyingine, na ni ngumu zaidi.

Pale foleni inapokuwa na thamani

Dalili hii haina nguvu sawa katika kila soko. Mwaka 2016 Martin Gould na Julius Bonart walichapisha utafiti kuhusu hisa kumi zenye biashara nyingi kwenye soko la Nasdaq, wakiuliza kama mwelemeo wa ngazi ya kwanza unatabiri upande ambao bei ya kati itasogea mara inayofuata. Ulitabiri, na kwa nguvu zaidi kwenye hisa ambazo hatua ndogo kabisa ya bei ni kubwa ukilinganisha na bei yenyewe. Kwa hisa za bei ghali, ambako hatua ya senti moja haina uzito, nguvu hiyo ilipungua sana.

Sababu inaeleweka ukijiweka kwenye nafasi ya mwenye oda. Fikiria hisa ya dola 10 inayosogea senti moja moja. Senti hiyo ni asilimia 0.1 ya bei, kwa hiyo anayetaka kuwatangulia wenzake kwa kuongeza senti analipa gharama ya kueleweka. Watu wanakubali kupanga foleni kwenye bei moja, na aliyetangulia anahudumiwa kwanza. Akighairi, anapoteza nafasi yake na kurudi mwisho. Foleni ya namna hiyo ina uzito, kwa sababu waliomo wana sababu ya kubaki.

Kwenye BTCUSDT hatua ya bei ni dola 0.01, wakati bitkoini moja katika mfano wetu ni dola 60,000. Anayetaka kuwa wa kwanza anaongeza senti moja tu na kuwapita wote. Nafasi kwenye foleni haina thamani ya kulindwa, kwa hiyo roboti za biashara huweka oda na kuziondoa bila kupoteza chochote. Jicho linaona mlima wa bitkoini 4.20, mwenye nazo haoni sababu ya kubaki pale hata kwa sekunde.

Ahadi zilizowekwa ili zionekane

Mpaka hapa tumechukulia kwamba kila mwenye oda alikuwa na nia ya kweli wakati alipoiweka. Wapo wasiokuwa nayo. Wanaweka oda kubwa upande mmoja ili wengine waone mwelemeo na kuufuata, kisha wanaziondoa kabla hazijatekelezwa na kufaidika upande wa pili. Nchini Marekani mchezo huo ulipigwa marufuku waziwazi na sheria ya Dodd-Frank ya mwaka 2010.

Kesi inayojulikana zaidi ni ya Navinder Sarao, Mwingereza aliyekuwa akifanya biashara kutoka nyumbani kwa wazazi wake, Hounslow, magharibi mwa London. Soko lake lilikuwa la mikataba ya E-mini S&P 500 huko Chicago. Programu yake iliweka oda kubwa za kuuza juu kidogo ya bei, na kila bei iliposogea, nazo zilisogezwa ili zisifikiwe. Siku ya tarehe 6 Mei 2010, bei za hisa Marekani zilipoporomoka ghafla na kurudi juu ndani ya dakika chache, oda zake zilikuwa zimebadilishwa zaidi ya mara 19,000 kwa mujibu wa mashtaka. Wasimamizi wa masoko walisema vitendo vyake vilichangia mwelemeo mkubwa wa daftari la oda, uliokuwa miongoni mwa sababu za mporomoko ule. Sarao alikiri makosa mwaka 2016, na mwaka 2020 akahukumiwa kifungo cha nyumbani cha mwaka mmoja.

Kipo pia kinyume chake. Masoko mengi, Binance ikiwemo, huruhusu oda ambayo sehemu ndogo tu huonekana huku kubwa ikifichwa. Mwenye bitkoini 50 za kuuza anaweza kuonyesha 1 tu, na kila hiyo inapoisha nyingine inatokea mahali palepale. Daftari linasema wauzaji ni wachache, wakati wamejaa.

Ada, umbali na mtego wa kusubiri

Tuseme umefanikiwa kuzikwepa kelele zote hizo, na mwelemeo wa 0.50 ni wa kweli. Una thamani gani? Kuna makadirio yanayotumika sana ambayo huisogeza bei ya haki ndani ya pengo kufuata uzito wa foleni. Kwa mfano wetu, wanunuzi wana robo tatu ya kiasi chote, kwa hiyo bei ya haki inakuwa 60,000.0075, wakati bei ya kati ni 60,000.005. Tofauti ni robo ya senti kwa bitkoini nzima.

Uwe mkarimu useme bei itapanda dola 10 kamili. Unanunua bitkoini 0.01, yaani dola 600, na faida yako ni senti 10. Ada ya kawaida ya mteja mdogo kwenye soko la papo kwa papo la Binance ni asilimia 0.1 kila unaponunua na kila unapouza, kwa hiyo utalipa takriban dola 1.20. Ili ada irudi tu, bei inapaswa kupanda takriban dola 120. Mwelemeo wa ngazi ya kwanza hauna nguvu ya kukuahidi mwendo kama huo.

Kisha kuna umbali. Mtiririko wenyewe hukusanya mabadiliko ya milisekunde 100, kwa hiyo kwa wastani badiliko lina umri wa milisekunde 50 hata kabla halijaondoka. Tuseme seva ziko Tokyo nawe uko Dar es Salaam. Umbali ni zaidi ya kilomita 11,000, na mwanga ndani ya nyaya za fiba husafiri takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Habari haiwezi kukufikia chini ya milisekunde 55, na oda yako itahitaji nyingine 55 kurudi, kama nyaya zingenyooka kama rula. Nyaya hazinyooki hivyo. Ukitaka kuujua ucheleweshaji wako, sawazisha saa ya kompyuta, kisha toa muda wa `E` ulio kwenye ujumbe kutoka kwenye muda uliopokea.

Wengi hufikiri wataikwepa gharama ya kulivuka pengo kwa kuweka oda ya kusubiri badala ya kununua papo hapo. Dalili inasema bei itapanda, kwa hiyo unajipanga kwenye 60,000 nyuma ya bitkoini 4.20. Ikiwa dalili ni sahihi, bei inapanda bila kukuchukua, nawe unabaki na oda tupu. Utanunua pale tu wote waliokutangulia watakapoghairi au kumalizwa na wauzaji, yaani wakati ambapo bei iko njiani kushuka. Dalili ikiwa kweli hupati kitu. Ikiwa uongo, unapata hasara.

Kuipima bila kujidanganya

Anayetaka kujua kama mwelemeo unafanya kazi kwenye soko lake hana haja ya kuhatarisha fedha. Arekodi mitiririko yote miwili kwa siku kadhaa, akokotoe mwelemeo kila baada ya sekunde moja, kisha aangalie bei ya kati ilisogea kiasi gani baada ya sekunde 1, 5 na 30. Atumie bei ya kati na aiache bei ya biashara ya mwisho. Bei ya mwisho hurukaruka kati ya upande wa kununua na wa kuuza hata soko likiwa limetulia, na mruko huo hufanana sana na utabiri uliotimia.

Asivutiwe pia na wingi wa data. Jumbe kumi kwa sekunde hufanya 864,000 kwa siku, na anayeziona hudhani ana ushahidi mkubwa. Lakini ujumbe mmoja unafanana sana na uliotangulia, na mwendo mmoja wa bei uliodumu dakika tano utajirudia mara 3,000 kwenye hesabu yake. Kanuni iliyopatikana Jumatatu inapaswa kupimwa kwa data ya Alhamisi ambayo haikuguswa kabisa wakati wa kuitafuta, baada ya kuisogeza kila dalili mbele kwa ucheleweshaji halisi na kuondoa ada zote mbili.

Mara nyingi atakuta kwamba mwelemeo unapiga upande sahihi zaidi kidogo ya nusu ya mara, na kwamba wastani wa mwendo unaofuata ni mdogo mara nyingi kuliko ada. Habari hiyo ina matumizi kwa kampuni zilizoweka seva karibu na soko na zinazolipa ada ndogo sana, kwa sababu kwao robo ya senti ikizidishwa mara milioni inakuwa biashara. Mtu ambaye tayari ameamua kununua kwa sababu nyingine anaweza kuitumia kuchagua kama anunue sasa au asubiri sekunde mbili. Anayeitegemea kama sababu yenyewe ya kununua analipa ada ya uhakika kwa ahadi ambayo aliyeitoa anaweza kuifuta bila kulipa chochote.